Bluu ya nguo kwenye kanzu za pamba, kabla hujaongeza tena

"Salaam aleikum. Kanzu nyeupe ya mume wangu ya pamba imekuwa manjano shingoni na kwapani. Nikaanza kutia bluu kila nikifua, mwanzo ikapendeza, sasa imekuwa kama kijivu na mgongoni ina madoa ya buluu. Niongeze ama niache?"

Waaleikum salaam dadangu. Acha kwanza. Mie kazi yangu ni kufua na kupiga pasi kanzu hapa Majengo na hiyo kijivu naletewa sana, hasa Idi ikikaribia.

Bluu si sabuni, haitoi uchafu hata chembe. Ni rangi tu. Nguo iliyopiga umanjano inameza mwanga wa buluu, ndo maana unaorudi machoni umeegemea manjano. Sasa ukitia bluu, yenyewe inameza ule wa manjano, mizani inakaa sawa na jicho linasema hii nyeupe. Lakini angalia, mwanga umemezwa mara mbili, kwa hivo nguo yarudisha mwanga mdogo kuliko kabla hujatia. Ikiwa kidogo huoni hasara, ukizidisha ndo unapata kijivu chako hicho. Na pale kwapani penye manjano mengi hapawi hata kijivu, panakuwa kama kijani kibichi kilichofifia, itazame mchana dirishani utaona.

Pamba nayo inazidisha mambo. Ile bluu ya unga ama ya kidonge mara nyingi haiyeyuki kwa maji, ni vumbi laini linaloelea tu, na uzi wa pamba umejikunja na una mikunjo midogo midogo, vumbi linaingia humo likakaa. Ukifua wiki hii linatoka kiasi, unatia jingine juu yake, basi linajijenga. Na kama wafulia maji ya kisima, haya yetu magumu, sabuni inaacha utando kwenye nguo na bluu inaushikilia huo utando. Madoa ya mgongoni aghlabu ni hivo, ama kidonge hakikufungwa kwa kitambaa, ama nguo iliachwa imelala ndooni na vumbi likashuka likatulia mahali pamoja.

Kuna mzee aliniletea kanzu hali moja na yako. Niliiroweka usiku kucha kwa maji moto na sabuni ya unga, asubuhi maji yalikuwa buluu kabisa. Nikamwaga nikarudia mpaka yakatoka meupe. Palipobaki madoa nikaroweka nusu saa kwa maji yenye kikombe cha siki nyeupe, manake hiyo bluu ya vumbi haipatani na asidi, rangi yake inavunjika (ukisikia kaharufu ka yai bovu usishtuke, fungua dirisha). Muhimu sana, siki na jiki zisikutane ndoo moja, moshi wake unaumiza kifua. Suuza kabisa kati ya kitu na kitu.

Bluu ilipotoka ndo umanjano ukajitokeza wote, ulikuwepo chini muda huo wote, mafuta ya mwili na jasho. Hapo nikasugua sabuni ya kipande shingoni na kwapani, nikairoweka kwa maji ya vuguvugu na ule unga wa madoa wa oksijeni. Jiki sikutia, kwa jasho mara nyingi inazidisha manjano na ikirudiwa inaulegeza uzi wa pamba.

Bluu ikaja mwisho kabisa, kwenye maji ya kusuuza ya mwisho, tena ya mfereji. Funga kidonge kwa kitambaa kizito, kitikise ndani ya ndoo, halafu chota maji kwa gilasi nyeupe: yawe na rangi hafifu ya mbingu tu, ukiona buluu iliyokoza punguza. Nguo iwe imelowa tayari na haina sabuni, ikunjue, izungushe kama dakika moja bila kuiacha, itoe uikamue uianike. Kila ufuaji haihitajiki, mie natia pale umanjano unaporudi kidogo tu.

Kitu kingine, si bluu zote ni vumbi hilo. Kuna nyengine ina chuma ndani yake, hiyo ikikutana na sabuni iliyobaki ama magadi inavunjika na kuacha madoa ya kutu, na watu wanalaumu mabati ya anikio. Kabla hujanunua nyingi koroga kidogo kwenye gilasi ya maji moto na magadi, uiache. Ikigeuka hudhurungi irudishe dukani. Ikibaki buluu na kushuka chini ni ile ya vumbi. Na kanzu yako ikiwa tayari ina vidoa vya kutu niambie, hivo haviondoki kwa sabuni, vinataka ndimu na chumvi juani, lakini jaribu kwanza kwenye pindo la chini ndani.