Mume anabeti, akiba inaisha: nianzie wapi?

Swali: Mume wangu anabeti kila siku kwenye simu. Laki nane za ada zimeisha na sasa anakopa. Anasema mkeka mmoja ukitiki atarudisha zote. Nifanye nini bila kuvunja nyumba?

Jibu: Pole sana, dada. Huo mkeka anaousubiri ndio unaowamaliza. Tuseme una mechi 10, kila moja odi 1.5. Ukitiki, shilingi 1,000 inalipa kama 57,000. Lakini kampuni hukata faida yake ndani ya kila odi. Ikiwa odi ya haki ya kila mechi ni 1.6, mkeka wa namna hiyo utatiki mara moja katika 110 hivi. Yaani ametoa 110,000 ili apate 57,000. Kadiri anavyoongeza mechi, ndivyo pengo linavyopanuka.

Zungumzeni asubuhi ya siku isiyo na mechi, watoto wakiwa hawapo. Mwombe mfungue pamoja taarifa ya miamala ya miezi 3 ya laini zake zote. Jumlisheni alichoweka na alichotoa, kisha madeni yote, ya simu na ya watu. Mwambie: "Sikuiti mwizi. Ila ada na kodi hazitapita tena kwenye simu yako." Hapo usirudi nyuma.

Mfano, mshahara ni 600,000. Siku unapoingia, kabla ya jioni, 422,000 ziende kwenye kodi, chakula na ada, na 100,000 zilipwe moja kwa moja kwa anayedai. Zinazobaki, 78,000, ni nauli na matumizi yake ya mwezi, umgawie kidogo kidogo kila wiki. Akiba ikae benki kwenye akaunti ya saini mbili, isiyounganishwa na simu.

Wengi hukosea kwa kumlipia deni kimyakimya. Mkopo wa simu ukilipwa, nafasi ya kukopa hufunguka upya, naye anabetia hiyo hiyo. Kumnyang'anya simu nako hakusaidii, kwa sababu atasajili laini nyingine au ataenda dukani. Kufuta programu pekee pia hakutoshi, maana akaunti inabaki hai. Aombe mwenyewe, kwa maandishi, kila kampuni imfungie akaunti, halafu azuie jumbe zao za ofa.

Akiteleza, na wengi huteleza mwishoni mwa mwezi, msianze matusi. Fungueni tena taarifa, punguzeni fedha anazoshika, muendelee. Akificha laini au akiuza vitu vya ndani, mshirikishe mzee mmoja anayemheshimu, siyo ukoo mzima, kwani aibu humrudisha kwenye kubeti kwa siri. Akianza kusema heri afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na nyumba mnayoishi, kama ni yenu, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Usisaini karatasi yoyote ya mkopo usiyoisoma.