Vidonda vya shingo kwa punda wa mkokoteni

Swali: Daktari, nina punda wawili wanaovuta mkokoteni wa mpunga huku Mbarali. Kila mavuno wanatoka vidonda juu ya shingo. Napaka oili chafu, vinakauka, lakini nikiwafunga nira vinarudi. Nifanye nini?

Jibu: Nira hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, ambaye husukuma kwa nundu. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, na nguvu yake ya kuvuta hutoka kifuani. Kwa hiyo kila mkokoteni unapokwama kwenye tope, mti ule husaga ngozi ileile, na hakuna dawa itakayoshinda msuguano huo.

Mtengenezee kila punda mkanda wa kifua wenye upana usiopungua vidole vinne, wa ngozi au turubai lililokunjwa, na upande wa ndani ushonewe blanketi kuukuu. Kamba ya nailoni tupu hukata ngozi. Mkanda ukae juu ya ncha ya bega na chini ya koromeo: ukipanda humkaba, ukishuka humzuia kutupa miguu. Uzito wa mti wa mkokoteni ubebwe na tandiko nene mgongoni, lililoachwa nafasi katikati ili lisiguse uti wa mgongo.

Ukimfungua jioni, tazama jasho kabla halijakauka. Sehemu kavu katikati ya nywele zilizolowa inaonyesha kwamba hapo palibanwa mno, nawe utaweza kurekebisha kabla ngozi haijachubuka.

Oili chafu iache kabisa, kwani huunguza kidonda na ni sumu punda akijilamba. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita 1 kwa vijiko 2 vya chai vya chumvi, na umpumzishe hadi ngozi mpya iwe imara. Najua hilo ni gumu wakati wa mavuno, lakini kumfunga mapema ni kuanza upya.

Angalia pia kwato. Zikirefuka, punda hutembea upande na mkanda humsugua bega moja. Zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, na tope lichokolewe kabla na baada ya kazi. Punda aliyekonda naye huumia haraka kwa kukosa nyama chini ya mkanda. Majani makavu ya mpunga pekee hayamtoshi katika msimu wa kazi, kwa hiyo mwongezee pumba kidogo, zisizo na ukungu, maana ukungu wa mahindi unaweza kumuua.

Kuhusu mzigo, kadiria kila punda avute uzito kama wake, pamoja na mkokoteni. Ikiwa kila mmoja ana kilo 150 na mkokoteni una kilo 100, zinabaki kilo 200, yaani magunia mawili ya kilo 100, na yapungue njia ikiwa ya tope au ya kupanda.

Kidonda kikiwa kirefu au kikitoa usaha, mwite mtaalamu wa mifugo, na umuulize kuhusu chanjo ya pepopunda.