Embago, saa na mwangalizi wa akiba: maswali yenu

"Tunatoa taarifa kuhusu utafiti unaochapishwa na Nature. Embago ni Jumatano, 16:00 saa za London. Tumeweka 15:00 UTC kama mara iliyopita. Tuko sawa?"

Tarehe hukuitaja, na jibu lote liko kwenye tarehe. London hufuata UTC kamili majira ya baridi na UTC+1 majira ya joto. Saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Chukua Oktoba 2026, ambapo Jumapili hiyo ni tarehe 25. Jumatano ya tarehe 21, 16:00 ya London ni 15:00 UTC. Jumatano ya tarehe 28, 16:00 ileile ya London ni 16:00 UTC. Aliyenakili ratiba ya wiki iliyotangulia atatangaza saa nzima kabla ya muda, na hapo embago imevunjwa. Machi mambo hugeuka: aliyenakili hujikuta amechelewa saa moja, jambo la aibu lakini halimvunjii mtu ahadi. Kwa hiyo wiki ya kuogopa ni ile ya mwisho wa Oktoba.

Usipige hesabu kichwani. Kwenye kompyuta ya Linux andika hivi, nayo itakupa saa ya UTC:

```
date -u -d 'TZ="Europe/London" 2026-10-28 16:00'
```

Kwenye mipangilio ya WordPress chagua jina la mji, si "UTC+1". Jina la mji hufuata mabadiliko ya majira, lakini namba hubaki palepale ulipoiacha.

Na mkiandikiana, acheni kabisa "saa kumi". Mmoja ataelewa 16:00 na mwingine ataingia kwenye kisanduku cha muda aandike 10:00. Andikeni siku, tarehe, saa ya tarakimu nne na neno UTC, kila mara, hata kwenye ujumbe wa simu.

"Tukipanga kila kitu kitoke 16:00:00, si vitatoka pamoja?"

Havitatoka pamoja, na hata msitake iwe hivyo. Machapisho ya mitandao ya kijamii hubeba kiungo cha tovuti. Mtandao ukienda kuchukua picha na kichwa cha habari wakati ukurasa haujafunguka, unarudi mikono mitupu, kisha unaihifadhi hali hiyo. Kadi itabaki tupu hata baada ya ukurasa kufunguka, mpaka mtu aingie kwenye kifaa cha Facebook cha Sharing Debugger aamuru isomwe upya. Tovuti itoke 16:00, mitandao ya kijamii 16:03. Barua pepe za wengi zianze kutumwa 16:03 pia, maana hutoka kwa foleni na hakuna namna zote zitafika dakika moja.

Sasa kuhusu hiyo tovuti ya 16:00. WordPress kwa kawaida haina saa inayojiendesha. Hukagua kazi zilizoiva pale mtu anapotembelea tovuti. Tovuti ikikosa wageni, au kashe ikiwajibu wageni wote kabla hawajafika kwenye seva, chapisho hubaki limelala na baadaye unakuta maneno "Missed schedule". Dawa ni kuzima utaratibu huo kwa mstari mmoja ndani ya wp-config.php:

```
define('DISABLE_WP_CRON', true);
```

kisha seva yenyewe ipige kengele kila dakika:

```
* * * * * cd /var/www/tovuti && wp cron event run --due-now
```

Ukifanya la kwanza ukasahau la pili, hakuna kitakachotoka chenyewe tena. Fanyeni jaribio siku moja kabla kwa chapisho lisilo na maana yoyote.

"Mwangalizi wa akiba anatakiwa kufanya nini hasa?"

Yeye ndiye anayeshika kazi mtangazaji akikwama, kwa hiyo kwanza awe na uwezo wa kutenda. Mwangalizi asiye na akaunti yake, nywila yake na simu yake ya kupokea namba za uthibitisho ni mtazamaji tu. Hilo limeandikwa hapa mara nyingi, na bado zinakuja barua za watu waliokwama kwa sababu namba ya uthibitisho ilikwenda kwenye simu ya mtu aliye kwenye ndege.

Awe kwenye intaneti tofauti na ya mtangazaji. Mtangazaji akitumia ya ofisini, yeye atumie ya simu. Atazame kwa dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti, kwani aliyeingia huonyeshwa rasimu akadhani tayari iko hewani. Maandishi ya mwisho, picha na viungo viwe kwenye kompyuta yake mwenyewe, siyo kwenye hati ya pamoja inayoweza kugoma kufunguka.

Dakika kumi kabla, wawili hao wapigiane simu na wasikate. Kosa la kawaida hapa si kuchelewa, ni wote wawili kubonyeza kwa mpigo na tangazo kutoka mara mbili. Kwa hiyo kuwe na kanuni ya kukabidhiana. Mfano: ikifika 16:00 na sekunde 90 ukurasa haujaonekana, mwangalizi anasema "nashika", mtangazaji anaondoa mkono kwenye kibodi, na mwangalizi anabonyeza "Publish" mwenyewe. Sekunde hizo 90 si za huruma. Kengele ya seva hupiga mara moja kwa dakika, hivyo chapisho linaweza kuchukua karibu dakika nzima bila tatizo lolote.

Akishashika tovuti, kazi yake ya pili ni kusimamisha ya 16:03. Watu husahau hili. Machapisho ya kijamii yaliyopangwa hayajui kwamba tovuti imekwama, yatatoka tu na kuwapeleka watu kwenye ukurasa usiokuwepo. Kama dakika moja na nusu haimtoshi kuyasogeza, yapangeni 16:05 tangu mwanzo. Embago inakataza kutangulia, haikuamuru uwe wa kwanza.

"Mwangalizi wetu anafungua ukurasa kila sekunde tano kuanzia 15:58. Vizuri?"

Vibaya. Kashe inaweza kuhifadhi jibu la 404 alilopewa, kisha 16:00 ikawagawia wageni wote. Aguse kiungo halisi muda ukishapita.

"PDF tumeipandisha jana ila kiungo hatujampa mtu. Ni salama, sivyo?"

Swali hili tena! Faili likishaingia kwenye maktaba ya WordPress lina anwani ya wazi papo hapo, hata kama ukurasa unaolibeba umepangwa kutoka kesho. Novemba 2025, ripoti ya bajeti ya OBR, ofisi huru ya Uingereza ya makadirio ya bajeti, ilisomwa kabla Waziri wa Fedha hajaanza hotuba yake, kwa sababu anwani ya faili ilikuwa rahisi kubashiri. Mwenyekiti wa ofisi hiyo alijiuzulu siku chache baadaye. Lipe faili jina lenye herufi zisizobashirika, au lipandishwe dakika ya mwisho na mtu aliyejizoeza. Kisha mwangalizi ajaribu kulifungua kwa kubashiri anwani yake, akiwa nje ya akaunti. Likifunguka, lishavuja.

"Mwandishi mmoja ametoa habari dakika ishirini kabla. Tumkemee au tusubiri muda wetu?"

Kwanza, alikubali embago? Kumtumia mtu barua yenye neno EMBAGO juu yake hakumfungi kama hakuwahi kukubali. Makubaliano huja kabla ya nyaraka, si pamoja nazo.

Pili, uamuzi wa kuondoa embago ni wa mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana tangu asubuhi. Kwa utafiti wa jarida, mtu huyo yuko kwenye jarida, hayuko kwenu: mpigieni simu. Akisema imeondolewa, waandikieni waandishi wote kwa mkupuo mmoja kabla hamjagusa tovuti, ili waliotunza ahadi wasiwe wa mwisho kujua. Na ile ratiba ya 16:00 mwangalizi aifute kwa mkono, mitandao yote, la sivyo mtatangaza mara ya pili.