Vijiti vya chini na vya pembeni

"Vijiti vya volume chini ya chati ninavyo tayari, sasa hii Volume Profile ya pembeni inaniongezea nini?"

Cha chini kinakuambia mikataba mingapi imebadilishana mikono saa fulani. Cha pembeni kinakuambia ni kwa bei gani. Kishumaa cha dola 2,400 hadi 2,405 chenye mikataba 100 chini yake kina kijiti kimoja tu, hujui mzigo ulikaa wapi. Tuseme kuanzia 2,400 kwenda juu mgawanyo ni 8, 10, 40, 20, 14, 8. POC, yaani bei iliyobeba mzigo mkubwa kuliko zote, ni 2,402, penye 40. Ukitoka hapo unaongeza jirani mwenye mzigo mkubwa hadi ufike karibu asilimia 70: 2,403 inakupa 60, 2,404 inakupa 74, basi. Eneo la thamani ni 2,402 hadi 2,404. Halina ulazima wa kulingana pande zote za POC.

— Kwa hiyo POC ndiyo sapoti, nanunua hapo?

Si lazima, ndugu. Waliokubaliana hapo walikuwa wanunuzi na wauzaji pia, profaili haisemi nani alishinda.

— Mimi POC yangu ya XAUUSD haifanani na ya mwenzangu, na siku ni ileile.

Mnatumia broka tofauti? Dhahabu ya spoti haina soko moja, kila broka huhesabu ni mara ngapi bei yake imebadilika. Linganisha na fyucha ya dhahabu ya soko la COMEX, pale ni mikataba halisi. Kama broka ni mmoja, angalia idadi ya safu za bei mlizoweka kwenye profaili.