Unaondoka umeneja? Andika ahadi kabla ya funguo

Naachia umeneja wa nyumba ya wageni hapa Shela, na mrithi wangu anatoka Nairobi. Ni mzoefu wa kazi hii, ila kisiwa hiki hajakikalia. Wengi tukifika wakati wa kukabidhi huorodhesha magodoro, mashuka na funguo, tukaweka sahihi, basi. Lakini magodoro yanahesabika hata meneja akiwa hayupo. Kisichohesabika ni ahadi tulizozitoa kwa mdomo, na kwa utalii wa Lamu hizo ndizo nusu ya biashara.

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa makabidhiano yangu ni wa ahadi. Kila moja ina mistari minne: nani aliahidiwa, nini, pesa gani zimeshapita mkono, na itakamilishwa lini. Kwa mfano, kuna familia inayokuja Agosti. Ukifungua daftari la vyumba utaona vyumba vinne, siku tano, shilingi 9,000 kwa chumba kwa usiku, jumla 180,000, arbuni 90,000 imelipwa. Mrithi akiishia hapo atafikiri amemaliza. Daftari halimwambii kuwa bei hiyo ni ya zamani na nimekubali isiongezwe. Wala halimwambii kuwa wameahidiwa kupokelewa uwanja wa ndege wa Manda kwa boti yetu, au kwamba nahodha wa safari ya Takwa ameshachukua 4,000 kati ya 12,000 zake, bila risiti.

Safari hiyo ya Takwa nimeiandikia aya nzima. Magofu yako Manda, na njia ni mkono wa bahari unaopita kwenye mikoko. Maji yakipwa, boti haipiti. Mgeni wa pwani ataandika kwenye ratiba "saa nne asubuhi" kwa sababu ndiyo saa ya kifungua kinywa kuisha, kisha wageni wakwame topeni. Kwa hiyo nimeandika: saa anapanga nahodha, mwulize siku mbili kabla, halafu ndipo uwaambie wageni. Na wasichelewe kurudi, maana maji hayamngoji anayepiga picha.

Ahadi za wafanyakazi nazo ziko humo. Mpishi ameahidiwa likizo wakati wa Maulidi. Kijana wa usiku ana advansi anayokatwa kidogo kidogo. Usipoandika, mrithi atamkatalia mpishi na jikoni kutaingia baridi mpaka mwisho wa msimu.

Kuhusu watu wa kupigiwa simu, jina na namba havitoshi. Andika anaitwa kwa shida gani, hulipwaje, na nani asipigiwe kwa jambo lipi. Fundi wa pampu yetu, kwa mfano, haji kwa kupigiwa na mtu asiyemjua. Nimempeleka mrithi nyumbani kwake tukanywa kahawa. Mwenye punda wa mizigo pia.

Ila namba iliyo hatari kuliko zote ni yako mwenyewe. Angalia ni laini gani inayopokea namba za kuthibitisha ukiingia kwenye mtandao wa kuuzia vyumba, kwenye iTax, na kwenye akaunti ya Lipa na M-Pesa. Ikiwa ni laini yako binafsi, siku utakayoizima nyumba imefungiwa nje ya pesa zake. Hamisha ungali kazini, kisha mwambie mrithi aingie mwenyewe kwa simu yake huku wewe umekaa pembeni. Jambo hili usiliache mpaka siku ya mwisho. Tarehe za kodi weka hapohapo: PAYE tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20.

Kwenye hatari nimeandika chache, na ya kwanza ni kisima. Maji matamu ya hapa yanakaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda. Pampu isiachwe ikinguruma mchana kutwa kwa sababu nyumba imejaa. Ivutwe kidogo asubuhi, ipumzike, ivutwe tena jioni. Dalili ya kwanza utaipata kwa dobi, sabuni ikikataa kutoa povu, kabla hata chai haijabadilika ladha. Hapo zima pampu, tumia ya tangi, nunua ya kunywa, na mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Kuongeza nguvu ya pampu hakusaidii, kunazidisha. Fundi atakayekushauri hivyo anauza pampu.

Nakala ni tatu: yangu, ya mrithi na ya mwenye nyumba, na kila ahadi yenye pesa tumeiwekea sahihi sote. Kupigiwa simu nimekubali mpaka ile familia ya Agosti iondoke. Baada ya hapo maswali yaende kwa mwenye nyumba.