Udongo Mkavu Hudanganya: Pima Kabla ya Kuchimba Shimo la Majitaka

Kuna namna moja ya kupima kama ardhi itafyonza maji yanayotoka kwenye tangi la septiki ambayo nimeiona ikirudiwa katika ploti nyingi za Nairobi zisizo na laini ya majitaka. Fundi anachimba kishimo, anamwaga ndoo mbili za maji, anasubiri kidogo, kisha anamwambia mwenye ploti, "Mama, hapa hakuna shida, maji yote yamenywewa." Mvua ya masika ikifika, shimo limejaa hadi kwenye bomba na choo cha nyumbani kinarudisha maji.

Nasimamia ujenzi wa nyumba za familia, na kipimo hiki sikiachi kifanywe mbali na macho yangu. Kinataka siku mbili tu na maji ya kutosha. Gharama yake haifikii hata kidogo gharama ya kuchimba shimo la pili baada ya watu kuhamia.

Shida iko kwenye udongo mkavu. Udongo mweusi wa Utawala, Ruai, Embakasi na kuelekea Athi River hupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa zake zinaweza kumeza mkono. Ukimwaga maji, yanaingia kwenye nyufa na kupotea upesi. Lakini udongo huo huo ukilowa hufura, nyufa zikajifunga, na maji yakabaki yamesimama. Udongo mwekundu wa Kabete na Uthiru ni mfinyanzi pia, ila umejipanga kwa chembechembe zinazoacha njia ya maji, na haufuri kama mweusi. Kwa hiyo usihukumu kwa rangi peke yake, wala kwa ndoo ya kwanza. Ulishibishe shimo la kipimo kwanza.

Mimi hufanya hivi. Nachimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 hivi, na kitako chake kiwe kwenye kina kile ambako majitaka yatafyonzwa. Kupima juu juu kwenye udongo wa bustani hakukuelezi lolote kuhusu udongo wa mita mbili chini. Jembe hulainisha kuta za shimo zikang'aa kama chungu kilichopigwa msasa, na ule ulaini huziba njia za maji. Basi nazikwaruza kuta kwa msumari mrefu, natoa vumbi lililoanguka, halafu naweka kokoto za sentimita 5 chini ili maji yanayomwagwa yasichimbue kitako. Najaza maji hadi sentimita 30 na kuendelea kuongeza kwa saa nne au zaidi, kisha naacha udongo ulale umelowa usiku kucha.

Siku ya pili ndiyo ya kupima. Maji yawe sentimita 15 juu ya kokoto. Nachomeka kijiti chenye alama, na kila baada ya dakika 30 nasoma yameshuka milimita ngapi, kisha naongeza maji hadi alama ile ile. Nakwenda hivyo kwa saa nne, na ninayoandika ni ya mzunguko wa mwisho, kwa kuwa ya kwanza huwa ya haraka kuliko ukweli. Fanya vishimo vitatu, sehemu tofauti za pale shimo litakapokuwa. Kimoja kikifyonza polepole sana kuliko vingine, mimi hupanga kwa hicho.

Sasa geuza kipimo kiwe dakika za kushuka milimita 25. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mwaka 1980 viwango ambavyo hadi leo hutumika kukadiria ni lita ngapi za maji kutoka tangi la septiki zinaweza kufyonzwa kwa siku na kila mita moja ya mraba. Dakika 1 hadi 5, lita 49. Dakika 6 hadi 15, lita 33. Dakika 16 hadi 30, lita 24. Dakika 31 hadi 60, lita 18. Dakika 61 hadi 120, lita 8. Ikipita 120, udongo huo haufai kwa shimo la kufyonza. Chini ya dakika 1 pia haufai, kwa sababu maji machafu yatafika kwenye maji ya ardhini kabla hayajachujwa.

Watu hushangaa lita hizi zikiwa chache hivyo, na wana haki. Maji yakishuka milimita 25 kwa dakika 20, hesabu ya haraka ni zaidi ya lita 1,000 kwa siku kwa kila mita ya mraba, ilhali jedwali linakuruhusu 24. Sababu ni kwamba kipimo kilitumia maji safi. Majitaka hujenga utando mweusi wenye utelezi juu ya udongo, na baada ya muda utando huo ndio unaoamua mwendo wa maji.

Tuchukue nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku: lita 480. Uthiru, maji yalishuka milimita 37 kwa dakika 30, yaani dakika 20 kwa milimita 25, hivyo lita 24. Gawanya 480 kwa 24, unapata mita za mraba 20. Hesabu kuta tu, usihesabu kitako, kwa kuwa tope litakiziba. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 2 lina mzingo wa mita 6.28, kwa hiyo linahitaji kina cha mita 3.2 chini ya bomba la kuingiza. Ona hapo kwamba kinachofanya kazi ni ukuta, si ujazo. Mashimo mawili ya kipenyo cha mita 1 na kina hicho hicho yana ukuta sawa, lakini udongo wa kuchimba ni nusu.

Utawala ilikuwa tofauti. Kwenye udongo mweusi uliokuwa umeshiba, maji yalishuka milimita 3 tu kwa dakika 30, sawa na dakika 250. Hapo wengi hukata tamaa au huamua kuchimba shimo kubwa zaidi, na yote mawili si sahihi. Tulipima chini yake. Udongo mweusi uliishia mita 1.2, ukafuatwa na moramu hadi mita 2.5, ambapo tulikuta mwamba. Kwenye moramu maji yalishuka milimita 13, takriban dakika 58, kwa hiyo lita 18. Mita za mraba zinazohitajika ni 26.7, lakini tabaka linalofyonza ni mita 1.3 pekee. Duara moja halitoshi, kwani lingetaka mzingo wa mita 20 na ushee. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 10 unatosha, kuta za pande zote nne zikihesabiwa, na unatoshea kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Bomba liingie kwenye moramu, si kwenye udongo mweusi ulio juu yake.

Kama chini ya udongo mweusi ungekuwa mwamba mtupu, ningemwambia mwenye ploti ajenge tangi la kuhifadhi na alipie lori la kunyonya.

Maji ya paa yasielekezwe kamwe kwenye shimo hili, kwani mvua moja ya Aprili inaweza kuzidi lita zote ulizohesabu. Na kabla ya kufunika, simamisha bomba la inchi 4 kutoka kitako hadi juu ya ardhi, lenye kifuniko. Teremsha kijiti humo asubuhi, kabla nyumba haijaanza kutumia maji. Kiwango kikibaki kimegusa bomba la kuingiza hata siku zisizo na mvua, kuta zimezidiwa. Fungua kwanza tangi la septiki uone kama tope limejaa na linavuka kwenda shimoni, kwa sababu kuongeza ukuta mpya huku tope likivuka ni kuuziba nao pia.