Dueti ya Vasco da Gama na Malindi

“Kuna kijana kasema kwenye video yake kwamba Vasco da Gama, yule baharia Mreno, ndiye mgeni wa kwanza kufika Malindi. Nataka kumjibu kwa dueti bila kumvunjia heshima, niseme nini?”

Muache amalize sentensi yake, kisha anza na alichopatia: “Kaka, mwaka 1498 uko sawa, Da Gama alitia nanga hapa kwetu. Ila wageni walishamtangulia. Shajara ya safari yake yenyewe yasema walikuta merikebu nne za Wahindi papa hapa Malindi, na rubani wa kuwavusha hadi Kalikut, India, walipewa na mfalme wetu. Isitoshe, mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walishampelekea mfalme wa China twiga.”

Ukisema “shajara”, weka maneno yake kwenye skrini, watu wasome wenyewe. Ule mchoro maarufu wa Kichina wa twiga usiuweke: ni wa 1414, na twiga yule aliletwa kutoka Bengali. Ukiutumia, atakushika hapo hapo.

Kuna mwenzetu ataka umtaje Ibn Majid, baharia Mwarabu, kuwa ndiye rubani yule wa Da Gama. Mimi nisingemtaja, wanahistoria wengi wanalikataa hilo.